Harusi ya kamati au harusi ya mfuko wenu: mchague ipi?

Wiki mbili kabla ya harusi ya binti wa shangazi yangu, nilikuwa nimeketi kwenye baa moja ya Sinza, Dar es Salaam, kaunta buku likiwa mapajani. Mimi ndiye nilikuwa mhazini wa kamati. Safu ya ahadi ilikuwa imefika shilingi milioni 30. Safu ya fedha zilizokwisha kutolewa ilikuwa na milioni 12. Na ukurasa wa nyuma nilikuwa na jumla ya malipo yote yaliyotakiwa kuwa yamekamilika kufikia Ijumaa ile: milioni 16 na laki nne na nusu. Wajumbe walikuwa wakijadili rangi ya vitambaa vya viti. Nikaomba nafasi, nikasoma tarakimu tatu tu, na kikao kizima kikanyamaza.

Tangu siku ile, kila ninapoulizwa na vijana wanaojiandaa kufunga ndoa kama waunde kamati au wajilipie wenyewe, siwaulizi kwanza wana fedha kiasi gani. Nawauliza: fedha zenu zitafika lini, na likitokea la kutokea, akiba yenu iko wapi? Hapo ndipo njia hizi mbili zinapoachana.

Kwa wasioizoea, kamati ni ule utaratibu wa kukaa vikao kwa miezi mitatu hivi kabla ya siku yenyewe, kukiwa na mwenyekiti, katibu, mhazini na kamati ndogo za ukumbi, chakula, mapambo na usafiri. Ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzako wanaandika ahadi, wanatoa kidogo kidogo, na mchango ndio unaoamua nani apate kadi. Mfuko ni pale maharusi wenyewe, pengine pamoja na wazazi, wanapoweka akiba kwa miezi kadhaa kisha wanaalika kwa kadiri ya walichonacho, bila kumtumia mtu kadi ya mchango.

Hesabu ya kadi, ambayo kamati nyingi haziifanyi

Niianze na bajeti yetu, maana bila tarakimu haya yatabaki maneno. Tulipanga wageni 300. Ukumbi ulikuwa milioni 4, mapambo milioni 3, mshereheshaji na muziki milioni moja na nusu, picha na video milioni moja na nusu, keki na ndafu na shampeni milioni moja, usafiri laki nane, kadi laki saba. Jumla yake ni milioni 12 na nusu. Fedha hizo zinatoka hata wakija wageni 50 tu. Kisha kuna zile zinazopanda kwa kila kichwa: sahani ya chakula 25,000 na vinywaji 10,000, yaani 35,000 kwa mgeni. Kwa wageni 300 ni milioni 10 na nusu. Jumla kuu ikawa milioni 23.

Sasa angalia kadi. Mchango wa chini tuliupanga 50,000 kwa kadi ya mtu mmoja na 100,000 kwa kadi ya watu wawili. Mwanakamati akisikia "nimepata watu kumi wa hamsini hamsini" anashangilia laki tano. Lakini wale kumi watakula na kunywa laki tatu na nusu. Kilichobaki cha kulipia ukumbi, mapambo na mengineyo ni 15,000 kwa kila mmoja. Ukitaka kufikisha milioni 12 na nusu kwa vijisehemu vya 15,000, unahitaji watu zaidi ya 830, na ukumbi wenu una viti 300. Kwa mchango wa chini, harusi haiwezi kujilipa, hata watu wote wakitoa.

Basi harusi ya kamati inabebwa na nani? Inabebwa na makundi mawili. La kwanza ni wale wanaotoa kikubwa kuliko sahani yao: wajomba, baba wadogo, wasimamizi, mabosi, maharusi wenyewe. La pili ni wale wanaochangia na wasije: jamaa walioko Mwanza au Mbeya, wenzako wa zamani kazini, rafiki aliyeko Muscat anayetuma laki mbili na kusema nitawaona kwenye video. Ukitaka kujua kama kamati inakufaa, chukua karatasi uandike majina ya makundi hayo mawili tu. Wale wa hamsini waache kwanza. Kama orodha hiyo haifiki nusu ya gharama zisizobadilika, kamati itawachosha watu miezi mitatu na mwisho mtakopa.

Kwenye mfuko hesabu hii inageuka kabisa. Hapo kila mgeni ni gharama tupu, 35,000 zinazotoka mfukoni mwenu bila kurudi. Inaonekana ni ubaya, lakini mimi naiona ndiyo nguvu yake: idadi ya wageni inakuwa mpini mlioushika ninyi. Kwenye kamati huwezi kupunguza wageni bila kupunguza mapato, kwa sababu aliyechanga ana haki ya kadi. Kwenye mfuko, kupunguza wageni 30 ni kuokoa milioni moja na elfu hamsini siku hiyo hiyo.

Tarehe za kutoa na tarehe za kupata

Nirudi kwenye kaunta buku. Harusi yetu haikukosa fedha. Ilikosa fedha siku zilipotakiwa. Nimeiweka hapa kama nilivyoiandika, kwa milioni, zote zikiwa jumla tangu mwanzo:

| Wakati | Zilizokusanywa | Zilizotakiwa kuwa zimelipwa |
|---|---|---|
| Wiki 8 kabla | 5.0 | 4.7 |
| Wiki 2 kabla | 12.0 | 16.45 |
| Siku ya harusi | 20.6 | 23.0 |
| Siku ya kuvunja kamati | 23.4 | 23.0 |

Wiki ya nane kila mtu alikuwa na furaha. Tulikuwa tumelipa kianzio cha ukumbi, cha mpambaji, cha mpiga picha, kadi zimechapwa, na bado laki tatu zilibaki. Kisha yakaja malipo mazito kwa pamoja. Ukumbi ulitaka salio lote wiki mbili kabla. Mpishi alitaka asilimia 70, maana ng'ombe na mchele hanunui kwa ahadi. Mpambaji alitaka zote. Wachangiaji nao wana desturi yao: wengi hutoa wakishaiona harusi iko mlangoni, mshahara ukishatoka, au wakipigiwa simu mara ya tatu. Wengine hutoa asubuhi ya harusi wakidai kadi. Wachache hutoa baadaye kwa aibu ya kukutana na mwenyekiti.

Shimo lile la karibu milioni nne na nusu lilizibwa na baba mdogo, kwa fedha ya kuzungushia mzigo wa duka lake. Alitupa kwa sharti moja tu, arudishiwe kabla ya tarehe ya kuagiza mzigo mwingine. Tulimrudishia milioni moja na laki saba Jumatatu baada ya harusi, na salio siku ya kuvunja kamati. Asingekuwepo, tungekata ukumbi au chakula.

Kutokana na kamati nilizokaa, nimejiwekea kanuni yangu: ahadi zote naziandika kwa robo tatu yake, na kufikia wiki mbili kabla nahesabu asilimia 40 tu ndiyo itakuwa mkononi. Ile yetu iliangukia hapo hapo, 12 kati ya 30, na mwisho kabisa 23.4. Kama bajeti yenu haisimami kwa tarakimu hizo, ipunguzeni siku mnayoipitisha.

Mfuko hauna tatizo hili, ila unadai muda. Mfanyakazi mwenzangu na mchumba wake walipanga wageni 120. Walichukua bustani ya mgahawa badala ya ukumbi mkubwa, wakafanya siku ya Ijumaa kwa sababu bei ilikuwa nafuu kuliko Jumamosi, kadi wakatuma kwa simu. Gharama zisizobadilika zilikuwa milioni tano na laki sita, za vichwa milioni nne na laki mbili, wakaongeza milioni moja ya dharura. Jumla milioni 10 na laki nane. Waligawa kwa miezi 12: laki tisa kila mwezi, kila mmoja laki nne na nusu. Kufika mwezi wa kumi na moja walikuwa wanalipa kila kitu kwa wakati, na mpambaji aliwapunguzia bei kwa kulipwa mapema.

Lakini miezi 12 ni mirefu. Wenye haraka, kwa sababu ya uhamisho wa kazi au mzazi mgonjwa anayetaka kuishuhudia ndoa, hawana miezi hiyo. Kamati hukusanya kwa miezi mitatu kile ambacho mshahara wa watu wawili ungehitaji mwaka na nusu au zaidi. Hilo si dogo, na ndiyo sababu utaratibu huu haufi pamoja na malalamiko yote.

Kuna tarehe ambazo hazijali mmechagua njia ipi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku zisizopungua 21 kabla, na makanisa mengi hutangaza ndoa Jumapili tatu mfululizo, baada ya mafundisho. Wakristo wengi hawafungi ndoa Kwaresima, Waislamu wengi hawafanyi sherehe Ramadhani, kwa hiyo Jumamosi zinazozunguka vipindi hivyo, na zile za Desemba, kumbi huwahiwa mapema mno. Na hapa kamati ina mtego mmoja: ukumbi mzuri unashikwa miezi sita au zaidi kabla, wakati kamati inaanza miezi mitatu kabla. Kile kianzio cha kwanza lazima kitoke mfukoni mwa mtu. Kwetu kilitoka kwa bwana harusi mwenyewe.

Dharura iliyo kwenye karatasi na dharura iliyo benki

Bajeti yetu ilikuwa na mstari wa mwisho: "Dharura, asilimia 10, milioni 2.3." Ulipitishwa, ukaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Haukuwahi kuwepo. Katika bajeti ya ahadi, mstari wa dharura ni wa mwisho kupata fedha, na kila shilingi inayoingia inakuta mpishi ameshanyoosha mkono. Siku yenyewe umeme ulikatika saa mbili usiku, maharusi wakiwa ndiyo wanaingia. Ukumbi ulikuwa na jenereta, lakini mkataba ulisema mafuta ni ya mwenye shughuli. Nililipa 350,000 kutoka fedha za vinywaji, nikawaomba wahudumu wachelewe kufungua makreti ya mwisho hadi michango ya mlangoni ihesabiwe. Tulipovunja kamati, baada ya kulipa kila mtu, tulibaki na 50,000.

Kwa haki kabisa, niseme upande wa pili pia. Dharura ya kamati haiko kwenye karatasi, iko kwa watu. Asubuhi ya harusi gari la maharusi lilipata hitilafu, na ndani ya dakika 40 mjumbe mmoja alikuwa ameleta la shemeji yake, limeoshwa. Wajumbe wawili walisimama mlangoni wakikagua kadi, mmoja jikoni akihesabu sahani na mpishi, mmoja kwenye makreti. Mambo ya aina hiyo fedha hainunui kirahisi. Yule mwenzangu wa mfuko aliniambia kwamba siku yake alipigiwa simu na mpiga muziki aliyepotea njia, akiwa amesimama kwa kinyozi, na hakuwa na mtu wa kumkabidhi simu ile.

Dharura yao, hata hivyo, ilikuwa fedha halisi, na ilipimwa. Mwezi wa saba baba yake aliugua, wakatoa milioni moja na nusu kwenye mfuko kwa matibabu. Hawakuahirisha. Walikaa usiku mmoja wakapunguza wageni kutoka 120 hadi 90, wakaokoa milioni moja na elfu hamsini, zile laki nne na nusu zilizobaki wakazitoa kwenye dharura. Bado walikuwa na laki tano na nusu za kukabili siku yenyewe. Kilichowasaidia ni kwamba mfuko ulikuwa na akaunti yake maalumu, ya majina mawili, hauchanganyiki na mishahara. Nimewaona wengine waliouacha mfuko kwenye laini ya simu ya mmoja wao, na kufika mwezi wa tano ulikuwa umelipa kodi ya nyumba.

Kwa njia zote mbili, ulizeni mambo mawili kabla ya kutoa kianzio chochote: ukiahirisha kwa msiba, kianzio kinahamia tarehe nyingine au kinapotea? Na saa ya kufunga ukumbi ni ngapi, na kila saa inayozidi inalipiwa kiasi gani? Yaandikwe kwenye mkataba. Kama sherehe ni ya wazi na inaangukia masika, kati ya Machi na Mei, au vuli ya mwisho wa mwaka, bei ya turubai iulizwe mapema na iwekwe kwenye bajeti yenyewe, kwa sababu mvua ya msimu wake si dharura.

Deni ambalo haliko kwenye kaunta buku

Yule mwenzangu alipomweleza baba yake kwamba hakutakuwa na kamati, mzee alikaa kimya, kisha akamwambia: "Mwanangu, mimi nimechangia harusi za watu miaka 20. Zamu yangu ikifika unafunga mlango?" Ilibidi wajomba waingilie kati.

Mzee alikuwa na hoja, na hoja yenyewe ni ya fedha. Mchango wa harusi ni mzunguko. Familia iliyotoa kwa miaka mingi ina akiba iliyolala kwenye mifuko ya watu, na haina njia nyingine ya kuitoa isipokuwa shughuli kama hii. Ukichagua mfuko, unaisamehe akiba hiyo. Na ukichagua kamati, ujue unakopa upya: kila jina kwenye kaunta buku ni kadi itakayokuja kwako siku moja, na ndiyo maana daftari letu nililikabidhi kwa maharusi pamoja na ile 50,000, wakalitunze. Kijana aliyehamia mjini juzi, ambaye hajachangia watu wengi na ambaye wazazi wake wako mbali, hana akiba ya namna hiyo. Kwake kamati ni kuanza kuomba kwa watu asiowadai chochote, na watatoa hamsini za kufidia sahani.

Ninavyoshauri

Kama wazazi wenu ni wachangaji wa siku nyingi, kuna ndugu watano au sita wa kutoa kikubwa, na mnataka harusi ndani ya miezi minne, undeni kamati. Kama ninyi wawili mna mshahara wa uhakika, mna mwaka mzima, na mnaweza kukabili wazazi na orodha fupi bila kuyumba, chukueni mfuko, ila mteueni mtu mmoja wa kushika simu zenu siku hiyo.

Walio katikati, ambao ndio wengi, nawashauri waziunganishe njia hizi kwa mpangilio huu: mfuko wenu ulipe ukumbi na mpishi, kamati ichangie mapambo, muziki, picha, keki na mengine yote. Sababu yake ni tarehe na ukataji. Ukumbi na chakula hulipwa mapema na huwezi kuvipunguza mwishoni. Mapambo, ndafu, matarumbeta na video vinaweza kupunguzwa hata siku kumi kabla bila mgeni kujua kilichopangwa awali. Fedha ya uhakika iwekwe kwenye malipo yasiyokatika, ahadi iwekwe kwenye yanayokatika.

Kwa bajeti yetu ile, ukumbi na chakula vilikuwa milioni 11 na nusu. Kama zingekuwa benki tangu mwanzo, michango ya milioni 12 iliyokuwa mkononi wiki mbili kabla ingetosha kabisa milioni 11 na nusu zilizobaki, na mzigo wa baba mdogo ungebaki dukani. Hata michango ingekuwa nusu tu ya ile, kungekuwa na chakula na mahali pa kukalia.

Na wekeni kikao kimoja kwenye ratiba tangu siku ya kwanza, siku 21 kabla ya harusi, chenye ajenda moja tu: kukata. Mhazini asome kilichoko mkononi, si ahadi. Orodha ya vitakavyokatwa, kwa mpangilio, iwe imeshakubaliwa kikao cha pili, wakati hakuna aliyechoka wala aliyekasirika. Sisi hatukuwa nayo, ndiyo maana usiku ule Sinza tulibishana hadi saa tano kuhusu ndafu, huku mpishi akinipigia simu kuuliza kama aagize ng'ombe.